Sura ya Sita: Zamu Kumi na Moja za Usiku

Karatasi ya kwanza ilichanwa kwenye daftari la mistari, ikakunjwa mara nne na kuwekwa chini ya kikombe changu cha chai. Iliandikwa hivi: "Mama, shikamoo. Naomba unipunguzie kazi mwezi ujao. Nimechoka sana. Samahani kwa usumbufu." Haikuwa na tarehe wala jina, lakini mwandiko niliujua, maana nilikuwa nausoma kila asubuhi kwenye kitabu cha ripoti.

Nilimjibu kwa mdomo, tukiwa tumesimama kwenye korido, mimi na faili mkononi na yeye na beseni. Nilimwambia, "Wote tumechoka, mwanangu. Jikaze kidogo, mwezi ujao tutaona." Akaitikia, "Sawa, Mama," akaenda zake. Jibu hilo nimelikumbuka kwa miaka mingi kwa sababu nililitoa kwa nia njema kabisa na lilikuwa baya kabisa.

Wakati huo nilikuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni huku Tanzania Bara. Wauguzi wa zamu walikuwa saba, mimi nikiwa wa nane nisiyehesabiwa kwenye rosta, kwani mfawidhi huingia asubuhi na kushughulika na mahitaji ya wodi, vikao na raundi za madaktari. Kila siku wodi ilihitaji wauguzi wawili asubuhi, wawili jioni na wawili usiku. Zamu ya asubuhi ilianza saa 1 hadi saa 8:30 mchana. Ya jioni ilianza saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Ya usiku ilianza saa 1:30 jioni hadi saa 1:30 asubuhi, saa kumi na mbili kamili. Kwenye rosta tuliandika herufi tu: A, J, U, na O kwa ofu.

Mtu anapoomba apunguziwe kazi, mfawidhi huyaona maombi hayo kwa jicho la hesabu. Zamu ni sita kwa siku, na mikono ni saba. Ukimtoa mmoja kwenye zamu, lazima umwingize mwingine, na huyo mwingine naye jana alisema amechoka. Ndiyo maana karatasi ile ya kwanza haikunifikisha popote. Iliniambia juu ya hali ya mwenzangu, lakini haikuniambia penseli yangu iguse wapi. Nasema hivi bila kujitetea, kwa sababu kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Ningemkalisha chini na kumuuliza, "Ni zamu ipi inayokuchosha?" Sikuuliza.

Wiki mbili baadaye ilikuja ya pili. Hii ilikuwa kwenye karatasi ya fulskepu, imeandikwa vizuri, na ndani yake alikuwa ameambatisha nakala ya rosta ya mwezi uliopita aliyoinakili kwa mkono. Aliniruhusu kuihifadhi, na baadaye aliniruhusu kuiweka hapa, majina yakiwa yametolewa.

"Kwa Muuguzi Mfawidhi,
Wodi ya Wazazi.

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA MPANGILIO WA ZAMU KWA WIKI NANE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mama, wiki mbili zilizopita nilikuandikia kwamba nimechoka. Leo nakuandikia kinachonichosha, maana nimekaa na rosta nikaihesabu.

Katika siku 28 nimefanya zamu 24: asubuhi 8, jioni 5 na usiku 11. Ofu zangu ni 4. Tatu kati ya hizo ni siku niliyoshuka usiku, kwa hiyo nililala. Ofu niliyoamka asubuhi nyumbani na kukaa na mwanangu hadi jioni ni moja tu, Jumapili ya mwisho.

Mara nne nimetoka jioni na kuingia asubuhi ya kesho yake. Mara mbili nimeshuka usiku na kurudi zamu ya jioni siku hiyo hiyo.

Jumamosi ya wiki ya pili, saa 10 alfajiri, tulipokea mzazi mwenye kifafa cha mimba. Nilipovuta magnesiamu salfeti nilichukua dawa mililita 12 badala ya 8. Mwenzangu aliona kabla sijamchoma, tukamwaga na kuanza upya. Mzazi na mtoto wako salama. Sikuandika kwenye kitabu cha ripoti kwa sababu niliogopa. Kosa hilo naliandika hapa. Siku hiyo hiyo saa 8 mchana nilikuwa zamu ya jioni.

Kitu kingine ni kwamba siku hizi nawakasirikia wazazi. Juzi mama mmoja alikuwa analia kwa uchungu nikamwambia anyamaze, na sikumwonea huruma. Mimi sikuwa hivyo, nawe unanijua.

Naomba haya. Kwanza, nisitoke jioni nikaingia asubuhi, wala nisishuke usiku nikarudi jioni. Pili, zamu za usiku ziwe za pamoja, zisizidi nne mfululizo, na baada yake nipate siku mbili. Tatu, zamu za usiku zisizidi nane kwa siku 28.

Siombi kuondolewa usiku wala Jumapili. Zamu 24 nitazifanya. Naomba iwe kwa wiki nane, kisha tukae tuangalie.

Naomba jibu kabla rosta mpya haijabandikwa.

Natanguliza shukrani."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi nikaisoma tena. Kisha nikatoa rosta yenyewe ukutani, ile niliyoipanga mimi kwa mkono wangu, na kuilinganisha na nakala yake. Hakuwa amekosea hata herufi moja.

Wiki yake ya kwanza ilisomeka J, A, J, A, U, U, O. Ya pili A, A, U, U, U, J, A. Ya tatu U, U, U, O, A, J, U. Ya nne J, A, A, U, U, O, O. Ukizitazama haraka utaona mtu mwenye ofu nne kwa mwezi, kama wenzake wote. Hivyo ndivyo nilivyoziona nilipokuwa nazipanga.

Sasa chukua kalamu. Asubuhi nane za saa saba na nusu ni saa 60. Jioni tano za saa sita ni saa 30. Usiku kumi na moja wa saa kumi na mbili ni saa 132. Jumla ni saa 222. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, yaani saa 180 kwa wiki nne, na inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne hizo. Sista huyu alikuwa na saa za ziada 42. Kwa hiyo kama angelalamikia jumla ya saa, ofisi ingemjibu kwamba bado yuko ndani ya mpaka, na ingekuwa kweli. Kilichokuwa kinamvunja hakikuonekana kwenye jumla. Kilikuwa katikati ya herufi na herufi.

Angalia Jumatatu na Jumanne ya wiki ya kwanza, J kisha A. Kwenye karatasi jioni inaisha saa 2 usiku na asubuhi inaanza saa 1, hivyo mapumziko ni saa kumi na moja. Sheria ile ile inataka saa kumi na mbili mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Tayari nilikuwa nimemnyima saa moja, tena kwa maandishi, na sikuwahi kuligundua. Lakini mambo halisi hayaendi kama karatasi. Wodi ya wazazi haikabidhiwi kwa kupeana mikono. Unazunguka kitanda kwa kitanda, unaeleza nani yuko na njia ya sentimita ngapi, nani amejifungua na anavuja damu kuliko kawaida, dripu ya nani inaisha saa ngapi, kisha mnahesabu vifaa pamoja. Alikuwa anatoka saa 2:45, anangoja daladala, anafika kwake saa 3:40. Anaoga, anakula, anamtazama mtoto aliyekwisha kulala, anapanda kitandani saa 4:30. Saa 10:45 alfajiri anaamka ili awahi. Hiyo ni saa sita na robo za kuwa kitandani, ukiacha muda ambao mtu hulala macho akiwaza kama ile dripu ilibadilishwa.

Kushuka usiku na kurudi jioni ni kubaya zaidi. Kutoka saa 1:30 asubuhi hadi saa 8 mchana ni saa sita na nusu kwa karatasi. Toa makabidhiano, toa safari ya kwenda na kurudi, toa kuoga. Aliniambia baadaye kwamba Jumamosi ile alilala tangu saa 3:30 hadi saa 6:30 mchana. Jirani yake alikuwa na mashine ya kusaga, na jua la huko linapiga bati moja kwa moja. Usingizi wa mchana hata kwenye chumba kizuri huwa mfupi kuliko wa usiku, kwa sababu mwili una saa yake ya ndani inayofuata mwanga, na saa hiyo haijui kwamba wewe ni nesi. Mchana inakuamsha, alfajiri, kuanzia kama saa 8 za usiku hadi karibu na mapambazuko, inakuvuta ulale hata kama umesimama.

Halafu kuna suala la ofu. Hili ndilo lililonichoma kuliko yote. Jumapili ya wiki ya kwanza niliandika O. Lakini Jumamosi yake ilikuwa U, na U ya Jumamosi inaisha Jumapili saa 1:30 asubuhi. Jumatatu ilikuwa A, inayoanza saa 1. Kati ya kutoka na kuingia kulikuwa na saa 23 na nusu. Nilimpa mtu ofu isiyofika hata siku moja, na sehemu kubwa yake aliitumia kulipa deni la usingizi. Alhamisi ya wiki ya tatu ilikuwa vilevile. Wafawidhi wengi hupanga hivi kwa sababu kisanduku cha siku hiyo kiko wazi, hakuna zamu inayoanza ndani yake, na jicho linakiona kama mapumziko. Siku ya kushuka usiku si ofu. Ni mkia wa zamu ya usiku, na unapaswa kuhesabiwa pamoja nayo.

Sasa turudi kwenye alfajiri ile, maana kuna watu watakaosema kwamba kuchoka ni kuchoka, kila kazi inachosha.

Mzazi mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti ili degedege likome na lisirudi. Dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4. Ampuli tuliyokuwa nayo ilikuwa ya asilimia 50, mililita 10, yenye gramu 5 ndani. Kwa hiyo unavuta mililita 8 za dawa, ambazo ni gramu 4, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20, na unazisukuma polepole. Nane na kumi na mbili. Kila nesi wa wodi ya wazazi anazijua namba hizi kama anavyolijua jina lake. Sista alizikumbuka zote mbili, ila alizipanga kinyume: kumi na mbili za dawa, nane za maji. Mililita bado zilikuwa 20, bomba lilionekana sawasawa kabisa, lakini ndani mlikuwa na gramu 6.

Dawa hii ikizidi mwilini hulegeza misuli. Kwanza goti halirushi mguu unapoligonga kwa nyundo, kisha pumzi hupungua. Ndiyo maana kabla ya kila dozi inayofuata tunagonga goti, tunahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, tunapima mkojo, na tunaweka kalsiamu glukoneti karibu kwa sababu ndiyo inayoipinga. Mzazi mwenye kifafa cha mimba mara nyingi figo zake haziko sawa, na figo ndizo zinazoitoa dawa hiyo. Na baada ya sindano ya mshipa alikuwa anangojewa na gramu 10 nyingine za kwenye makalio, tano kila upande.

Kilichomwokoa ni jambo dogo. Mililita 8 zinatoka kwenye ampuli moja. Mililita 12 zinahitaji ampuli mbili. Mwenzake, aliyekuwa ameshika mkono wa mgonjwa upande wa pili, aliona ampuli mbili zimekatwa kwenye trei na akauliza, "Dada, mbona mbili kwa mshipa?" Sista akaliangalia bomba, akasema hakuelewa amefikaje pale. Nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba alipokuwa anavuta alikuwa na uhakika kabisa. Hiyo ndiyo hatari ya uchovu wa aina hii. Mtu aliyelewa hujikwaa na kunuka, na wenzake humwondoa kazini. Mtu ambaye hajalala anasimama wima, anaongea kwa adabu, na anakosea akiwa na uhakika.

Mfano wa ulevi sikuutoa kichwani. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka sawa na wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Fikiria nesi anayeamka saa 12 asubuhi kumpeleka mtoto shule, akashinda na kazi za nyumbani, kisha akaingia usiku wake wa kwanza. Ikifika saa 10 alfajiri amekaa macho saa 22. Na mwaka 2004, huko Marekani, Ann Rogers na wenzake waliwafuatilia wauguzi kwa daftari walizojaza wenyewe na kuona kwamba zamu ikifika saa kumi na mbili na nusu au zaidi, uwezekano wa kukosea unakuwa kama mara tatu. Zamu yetu ya usiku ilikuwa ya saa kumi na mbili kwa karatasi. Ukiongeza makabidhiano ya asubuhi, ilikuwa inafika saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Sote tuliita hali hiyo kawaida.

Kuhusu yale maneno yake juu ya kuwakasirikia wazazi, wakati ule niliyachukua kama jambo la tabia na nikataka kumpa nasaha. Leo nayasoma tofauti. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, linaeleza hali ya kuchakazwa na kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona hafanyi tena kazi yake vizuri. Linaiita jambo la kazini, halikuiweka kati ya magonjwa. Sista aliziandika zote tatu bila kujua kwamba zina jina. Ninapowafundisha wafawidhi siku hizi nawaambia waitazame hiyo ya pili, kwa sababu anayesema amechoka bado anaomba msaada, lakini nesi mpole anayeanza kuwafokea wazazi amekwisha kupita hapo, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Jambo la kwanza nililofanya baada ya kuisoma barua lilikuwa kutofanya kitu. Utaratibu ulinitaka nimwandikie barua ya kujieleza kuhusu dawa. Nilikaa nayo usiku mmoja. Kama ningeiandika, ingekuwa mara ya mwisho kwa mtu yeyote wodini kuniambia kosa lililonusurika, na makosa ya mwaka unaofuata ningeyajua yakiwa yamekwisha kuua. Kesho yake nilimwita yeye na mwenzake, tukaandika taarifa ya tukio pamoja, na kwenye sehemu ya sababu tukaweka mfuatano wa zamu zake za siku nne zilizotangulia. Nikabandika kwenye kabati la dawa za dharura karatasi yenye maneno manne makubwa: DAWA NANE, MAJI KUMI-NA-MBILI. Na tukakubaliana kwamba anayevuta husoma kwa sauti na wa pili hutazama ampuli.

Kisha nikachukua karatasi ya miraba na penseli. Nilidhani ombi lake halitawezekana. Wauguzi saba, zamu sita kwa siku, siku 28: zamu 168, sawa na 24 kwa kila mtu, ofu nne. Hakuna cha kupunguza. Lakini yeye hakuwa ameomba kupunguziwa zamu, aliomba mpangilio. Nikajaribu kuweka asubuhi nne, jioni nne, usiku nne, kisha ofu mbili. Jumla siku kumi na nne. Ukirudia mara mbili unapata siku 28, zenye asubuhi 8, jioni 8, usiku 8 na ofu 4. Nikampa wa pili mzunguko uleule, ila aanze siku mbili baadaye, wa tatu siku mbili baada ya huyo, hadi wa saba. Nikahesabu kila siku: wawili asubuhi, wawili jioni, wawili usiku, mmoja ofu. Nikarudia kuhesabu kwa sababu sikuamini. Ilikaa sawasawa, kila siku, kwa watu wote saba.

Uzuri wa mzunguko huu ni kwamba unakwenda mbele. Kutoka asubuhi kwenda jioni unaongeza muda wa kulala, na kutoka jioni kwenda usiku vilevile. Mwili huvumilia kuchelewa kulala kuliko kuwahishwa. Hakuna J inayofuatwa na A, na hakuna U inayofuatwa na J. Saa zilishuka kutoka 222 zake hadi 204, kwa sababu zamu tatu za usiku nilizokuwa nimembebesha zaidi ya sehemu yake zilirudi kwa wenzake. Kwa nini yeye alikuwa na kumi na moja? Kwa sababu hakuwahi kulalamika, na usiku wenye mzazi mgumu nilitaka mtu hodari. Niliuadhibu uhodari wake.

Lakini mzunguko huu una ubovu, na ni yeye aliyeuona nilipomwonyesha. Aliweka kidole kwenye A ya kwanza akakisogeza hadi U ya mwisho, akasema taratibu, "Mama, hizi ni siku kumi na mbili bila ofu." Ilikuwa kweli. Sheria inataka mtu asifanye kazi zaidi ya siku sita kwa wiki, na hata bila sheria, siku kumi na mbili ni nyingi. Tukatafuta. Njia iliyopatikana ilikuwa mimi mwenyewe kuingia zamu ya asubuhi siku moja na kuacha moja. Katika siku kumi na nne hizo ni zamu saba, moja kwa kila muuguzi, na kila mmoja akapata ofu mahali pa A yake ya nne. Anatoka A ya tatu saa 8:30 mchana na harudi hadi keshokutwa saa 8 mchana, karibu siku mbili kamili. Bado zilibaki siku nane mfululizo za jioni na usiku. Nilimwambia wazi kwamba hizo sina pa kuzitoa, na raundi za madaktari nitazifuata nikiwa na bomba mkononi.

Wenzake hawakufurahi wote. Mmoja alikuwa amezoea jioni chache kwa sababu ya duka lake, na sasa alikuwa na nane. Mwingine alipenda kufanya usiku saba mfululizo ili apate siku za kwenda kijijini. Tulikaa kikao, nikawasomea hesabu bila kusoma barua, na tukakubaliana kubadilishana zamu kuruhusiwe, ila kwa sharti moja: mabadilishano yasizae J-A wala U-J. Sharti hilo lilivunjwa mara mbili mwezi wa kwanza, mara zote kwa misiba, na sikumlaumu mtu.

Barua ilifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyeitarajia. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiomba muuguzi wa nane kwa kuuandikia uongozi kwamba tumezidiwa. Safari hii niliandika kwa namna ya Sista. Nilionyesha kwamba kwa wauguzi saba kila mmoja hufanya wastani wa saa 51 kwa wiki, na tofauti ya saa sita hospitali inapaswa kuilipa kama ziada, kwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Kisha nikaonyesha hesabu ya wauguzi wanane: asubuhi nne, jioni nne, usiku nne, ofu nne, mzunguko wa siku kumi na sita. Zamu ni kumi na mbili, saa 102, ambazo kwa wiki ni chini kidogo ya 45. Kwa mtu mmoja tu wodi nzima ingeingia ndani ya saa za kawaida, na ofu moja ingeweza kuwekwa kati ya jioni na usiku ili zile siku nane zikatwe. Mhasibu alinipigia simu siku ya pili kuuliza kama namba hizo ni sahihi. Nikampelekea karatasi ya miraba.

Wiki nane zilipokwisha tulikaa kama alivyoomba. Sista alikuja na daftari lake. Usingizi baada ya usiku ulikuwa bado mfupi, mashine ya kusaga haikuhama, lakini usiku wa ofu ya pili alikuwa analala saa nane bila kuamka. Nilimuuliza kuhusu wazazi. Alifikiri kidogo, akasema kwamba usiku wa nne bado hasira inakuja, ila sasa anaijua ikija, na anamwomba mwenzake akae na mzazi huyo. Hakuniambia kwamba amepona, nami nilimwamini zaidi kwa hilo.

Muuguzi wa nane aliletwa mwezi wa nne, binti aliyetoka chuoni, bado viatu vyake vyeupe havijaingia doa. Nilimpanga usiku wake wa kwanza na Sista. Asubuhi nilipofika kupokea wodi niliwakuta wamesimama mbele ya kabati la dawa za dharura, trei iko wazi, na ampuli moja juu yake.

"Sema kwa sauti," Sista alikuwa anamwambia.

"Dawa nane, maji kumi na mbili."

"Na ukiona ampuli mbili kwa mshipa?"

"Nauliza."

"Hata kama aliyevuta ni mimi?"

Binti alisita, akanitazama, kisha akamgeukia.

"Hata kama ni wewe, dada."